Mguu mmoja unapovimba baada ya safari

Maongezi tuliyotoa kwenye mkutano wa wanachama, Kabambare



Leo tunataka kuongea juu ya ugonjwa mmoja tu. Tumeuchagua kwa sababu unatuhusu sisi wa safari. Humu ndani wengi tulirudi kutoka Nyarugusu, wengine tulikuwa Lugufu mpaka kambi ikafungwa, wengine tulikimbilia Kongolo au Kindu. Kila mmoja wetu anajua kukaa juu ya kamyo siku mbili katikati ya magunia, miguu imekunjwa, mtoto juu ya mapaja, hakuna nafasi ya kuinyoosha. Kisha mtu anafika, tunamshangilia, tunampikia, na siku ya tatu ao ya nne anasema: "Nyama ya mguu inaniuma, na huu mguu mmoja umevimba." Tunamwambia ni uchovu, apumzike tu.

Mara nyingi ni uchovu kweli. Lakini kuna siku si uchovu: ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Tutasimulia mambo ya mama mmoja wa kwetu ambaye alituruhusu tueleze yaliyompata bila kutaja jina lake wala kijiji chake.

Mama huyu ana miaka 28. Alirudi kwa njia yake mwenyewe, si kwa msafara wa HCR. Alikuwa amejifungua wiki tano tu. Alipanda basi mpaka Kigoma, akavuka ziwa mpaka Baraka, akapata kamyo ya kupitia Fizi, Lulimba na Salamabila mpaka huku Kabambare. Kwenye kamyo alikaa siku mbili na usiku mmoja. Hakunywa maji mengi kwa sababu aliogopa kusumbua dereva kwa kuomba kushuka. Kila gari liliposimama, wanaume walishuka, yeye alibaki juu na mtoto, akichunga mizigo.

Alifika salama. Siku ya nne, shavu la mguu wa kushoto, ile nyama ya nyuma chini ya goti, likaanza kuuma kama mtu aliyeshikwa na mkazo wa misuli. Tofauti ni hii: mkazo unashika, unaachia. Huu haukuachia. Kesho yake mguu ulikuwa umejaa mpaka kifundo. Nyumbani wakasema amekanyaga dawa ya mtu njiani. Wakamkanda kwa mafuta ya mawese ya moto, wakataka pia kumchanja. Kituo kimoja cha afya kikampa vidonge vya maumivu na vya malaria. Siku ya sita ndipo mwenzetu mmoja wa kazi ya afya ya kijiji alipita pale na utepe wa fundi wa kushona mfukoni.

Kabla ya kusema alifanya nini na huo utepe, tueleze kwanza ginsi damu inavyoganda mtu akikaa.

Damu inashuka mguuni kwa nguvu ya moyo. Lakini kurudi juu, moyo peke yake hautoshi. Ni nyama za shavu la mguu zinazoisukuma. Kila hatua unayotembea, nyama inajikaza, inaubana mshipa wa ndani, damu inapanda. Ndani ya mshipa kuna vizuizi vidogo vinavyokataza damu isirudi chini. Ni kama pampu ya kisima: mkono usipoipiga, maji hayapandi. Mtu akikaa saa nyingi bila kusogeza miguu, na ukingo wa benchi ao gunia unamkandamiza nyuma ya goti, damu inalala. Damu iliyolala inaweza kuganda, na bonge likaziba mshipa. Damu ya chini inakosa njia, mguu unavimba na kuuma.

Basi, hatari kubwa si mguu wenyewe. Kipande cha lile bonge kinaweza kukatika, kikapanda na damu mpaka moyoni, na kutoka hapo kikasukumwa kwenye mapafu na kuziba. Hapo mtu anakosa pumzi ghafla, na anaweza kufa kwa dakika chache. Njo maana tunawaambia: mguu unaoshukiwa haukandwi. Kuusukuma kwa nguvu kunaweza kulitoa bonge mahali pake.

Watu wengine wanafikiri ni ugonjwa wa matajiri wa ndege. Hapana. Mwaka 1940, wakati mji wa London ulipopigwa mabomu, watu walilala usiku wameketi ndani ya mahandaki, juu ya viti vya turubai vyenye ukingo wa mbao mbele. Daktari Keith Simpson aliona vifo vya ghafla kati yao, akaandika kwamba sababu ni mabonge ya damu yaliyotoka miguuni na kuziba mapafu, kwa kuwa ule ukingo uliwakandamiza nyuma ya magoti usiku kucha. Wale walikuwa watu wa vita kama sisi, hawakupanda ndege yoyote.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya safari. Lilisema kwamba safari ya kuketi ya saa 4 ao zaidi, iwe ya ndege, basi, treni ao gari, inazidisha hatari hii karibu mara mbili. Lakini msishtuke: kwa mtu mwenye afya nzuri, ni kama mmoja kati ya watu 6000 wanaosafiri hivyo. Na hatari haiishi siku ya kufika. Inabaki juu kwa muda wa kama wiki 4. Kwa hiyo mtu aliyerudi wiki mbili zilizopita, mguu ukivimba leo, bado tunamuuliza juu ya safari.

Mmoja kati ya 6000 ni kidogo. Ila si wote wako sawa. Mama mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya wiki sita, mtu aliyepasuliwa ao aliyefungwa plasta karibuni, mwenye kansa, aliyewahi kupata bonge zamani, mama anayekunywa vidonge vya uzazi wa mpango vya aina ya mchanganyiko: hao hatari yao iko juu hata kabla ya kupanda gari. Safari inaongeza tu. Mama wetu alikuwa na mambo mawili pamoja, uzazi na kamyo.

Sasa turudi kwenye utepe. Mwenzetu alimlaza mama chali, miguu imelegea. Alitafuta kile kinundu cha mfupa kilicho mbele, chini kidogo ya goti. Kutoka hapo akapima sentimita 10 kwenda chini, akatia alama ya kalamu kwenye miguu yote miwili, ili asipime huku juu na kule chini. Akazungusha utepe bila kukaza. Mguu wa kulia ulikuwa sentimita 31, wa kushoto sentimita 35 na nusu. Tofauti ni 4 na nusu. Kinachotazamwa ni tofauti inayozidi sentimita 3. Chini ya hapo bado si ruhusa ya kumwambia mtu "ni mzima", lakini juu ya hapo hatumwachi nyumbani.

Baadaye waganga wa hospitali walitueleza kwamba hiyo hesabu ni sehemu ya orodha ambayo daktari Wells wa Kanada na wenzake waliitengeneza. Kila dalili inapewa alama moja. Kwa mama wetu ilikwenda hivi. Maumivu ukibonyeza kwenye njia ya mshipa wa ndani, katikati ya shavu la mguu: alama moja. Shavu kuzidi lile lingine kwa zaidi ya sentimita 3: moja. Ukibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki, na linabaki kwenye mguu mbaya tu: moja. Kisha wanauliza: je, kuna ugonjwa mwingine unaoweza kueleza jambo hili vilevile? Kama upo, wanatoa alama mbili. Kwake hakukuwa na kidonda, homa, wala ngozi nyekundu ya moto. Hawakutoa kitu. Jumla ni tatu, na kuanzia mbili bonge linashukiwa kweli.

Angalieni jambo moja hapa: safari haimo katika ile orodha, na uzazi haumo. Orodha haikutengenezwa kwa ajili ya waja wazito wala wazazi wapya. Kwa hiyo mwanachama akiwa na alama moja tu, lakini amejifungua juzi na ametoka kwenye kamyo, tunampeleka vilevile. Na kuna waganga bado wanaokunja unyayo wa mgonjwa kwenda juu, wakisema kama haumi hakuna bonge. Hiyo alama haiaminiki. Wengi wenye bonge hawaumwi ukikunja, na wengi wasio nalo wanaumwa. Zaidi ya hayo, bonge linaweza kuwapo hata mguu ukionekana mzuri.

Tusichanganye na mambo mengine. Mwaka huohuo tulimwona papa mmoja mzee ambaye miguu yote miwili ilivimba kwenye vifundo baada ya safari. Alilala miguu ikiwa juu ya mto, na asubuhi ya pili ilikuwa imepungua. Hayo ni maji tu yaliyoshuka kwa kukaa. Yasipopungua tunatafuta moyo na mafigo. Kulikuwa na kijana pia, mguu mmoja, lakini ulikuwa mwekundu, wa moto, na kidonda kati ya vidole, na homa. Hiyo ilikuwa ngozi iliyoingiwa na vijidudu, akapona kwa dawa ya kuua vijidudu. Na mtu aliyesikia kitu "tap" nyuma ya mguu wakati anaruka kutoka kwenye gari, maumivu yakaanza saa hiyohiyo, huyo labda amechanika nyama. Bonge kwa kawaida halianzi kwa kishindo. Linaanza polepole, mguu mmoja, na halikubali kupoa. Lakini mtu asijihukumu mwenyewe nyumbani: magonjwa haya yanafanana, hata muganga anahitaji mashine.

Mashine yenyewe si ya ajabu. Ni ekografi, ileile wanayotumia kutazama mtoto tumboni, hasa ikiwa na kichwa cha kutazama mishipa ya karibu na ngozi. Muganga anaweka kichwa cha mashine kwenye kinena, halafu nyuma ya goti, na kubonyeza. Mshipa mzima unajifunga ukibonyezwa, kama mpira wa maji usio na kitu. Mshipa wenye bonge haujifungi. Kwa mama wetu, ule wa nyuma ya goti haukujifunga. Tunawaambia hili kwa sababu kuna mahali penye ekografi ambapo mgonjwa anarudishwa kwa kuwa "mashine ni ya waja wazito". Ombeni kwa heshima: "Muganga, tunaomba utazame kama mshipa wa goti na wa kinena unajifunga." Na wasipoona kitu huku shaka iko kubwa, kipimo kinarudiwa baada ya wiki moja, kwa sababu bonge dogo la chini linaweza kupanda.

Kumfikisha hospitali ndiko kulikokuwa shida. Ilikuwa jioni, mvua imenyesha, na hakuna pikipiki iliyokubali bila pesa mkononi. Vijana walimbeba kwa tipoyi mpaka barabarani, na huko alilala akisubiri mpaka asubuhi. Usiku ule alisema kifua kinamchoma akivuta pumzi. Yule mwenzetu hakulala. Kwa kweli tulikuwa karibu kumpoteza kwa sababu ya nauli ya pikipiki.

Hospitali walianza dawa siku hiyohiyo. Kwanza sindano ya enoksaparini chini ya ngozi ya tumbo, kila saa 12. Kipimo chake ni miligramu 1 kwa kila kilo ya mwili. Mama ana kilo 50, basi ni miligramu 50 kila mara. Sambamba na sindano walianza vidonge vya warfarini. Vidonge hivi vinachukua siku kadhaa kabla ya kushika, njo maana sindano haikatishwi mapema: inaendelea angalau siku tano, na mpaka kipimo cha damu kionyeshe vidonge vimeshika. Warfarini haikatazi kunyonyesha, lakini mjamzito hapewi. Kuna dawa mpya kama rivaroksabani isiyohitaji kupima damu mara kwa mara, lakini kwa sababu alikuwa ananyonyesha hawakumpa.

Dawa hizi hazilitoboi bonge. Zinazuia lisikue na lisizaliwe lingine, na mwili wenyewe unaliyeyusha polepole. Kwa hiyo matibabu ni miezi mitatu, si wiki mbili. Hapa watu wengi wanakosea: mguu unapoa, wanaacha vidonge, bonge linarudi. Mama wetu alitaka kuacha mwezi wa pili kwa sababu kurudi kupima damu kila mara kuligharimu zaidi ya vidonge vyenyewe. Mfuko wa chama ulilipa hizo safari. Wafadhili, kama mliuliza pesa ile iliyoandikwa "nauli za matibabu" ilikwenda wapi, sehemu yake ilikwenda huko.

Anayekunywa warfarini asichanganye na aspirini, ibuprofeni ao diklofenaki, zile tunazonunua sokoni kwa maumivu, kwa maana atatoka damu. Dawa za kienyeji pia amwambie muganga kabla ya kunywa. Akiona fizi zinatoka damu, choo cheusi kama lami, ao amegonga kichwa, arudi mara moja. Asichanjwe, na asipigwe sindano kwenye tako bila kumweleza muganga.

Leo mama huyu analima. Jioni mguu wa kushoto bado unajaa kidogo, na huenda utabaki hivyo, maana vile vizuizi vya mshipa viliharibika. Kwenye uzazi wa mpango ameonywa asitumie vidonge vya mchanganyiko, na akipata mimba tena aseme siku ya kwanza ya kliniki kwamba aliwahi kuganda damu.

Sasa mambo tuliyoamua pamoja katika mkutano.

La kwanza ni la njiani. Kamyo ambayo chama kinakodi itasimama kila baada ya saa mbili, dakika kumi, na kila mtu atashuka, hata mama mwenye mtoto. Mwingine atamshikia mtoto na mizigo. Kati ya vituo, kila mtu achezeshe vifundo: vidole juu, vidole chini, mara ishirini ao thelathini, ili ile pampu ifanye kazi. Gunia lisiwekwe chini ya magoti. Maji mnywe, lakini msidhani maji peke yake yanazuia bonge. Kinachozuia ni mguu kutembea. Ndugu zetu wa Ulaya na Amerika wanaokuja kwa ndege ya saa nane ao kumi, haya ni yenu vilevile. Mwenye hatari kubwa aulize daktari wake kabla ya safari kuhusu soksi maalumu za kubana mguu. Aspirini si kinga ya kutegemea hapa, na kufunga mguu kwa kitambaa ao kamba ni kuongeza ubaya.

La pili ni la kijiji. Kila kikundi kitakuwa na utepe mmoja na mtu mmoja anayejua kupima kama tulivyoonyesha. Mama aliyejifungua karibuni akirudi, atatembelewa siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, na kuulizwa swali moja: je, mguu mmoja unazidi mwingine?

La tatu ni nauli. Mfuko utaweka pembeni pesa ya pikipiki, na mwenye kuishika ataitoa usiku huohuo bila kusubiri kikao. Mguu mmoja uliovimba baada ya safari unakwenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama kuna kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma wakati wa kuvuta pumzi, kukohoa damu ao kuzimia, hata kama mguu hauumi, hapo hatupimi kitu, tunabeba tu na kwenda.

Mwishoni mama mmoja mzee aliuliza: "Na kama ni kweli amekanyaga dawa?" Tulimjibu hivi: Mama, hatukuja kubishana na mtu nyumbani kwake. Tunaomba tu utepe upite kwanza, na mikono ya kukanda isubiri. Alicheka, akasema basi atashona mfuko mdogo wa kuwekea huo utepe.